Mfuko mmoja wa saruji: namna kibarua anavyoweza kulinda mgongo, mikono na mapafu

Katika miji ya Uganda, kazi ya kutwa inayolipwa jioni hujulikana kwa jina la lejaleja. Wanaoifanya si vibarua wa kudumu peke yao. Wamo madereva wa bodaboda ambao pikipiki zao ziko kwa fundi, wanafunzi wa vyuo wanaotafuta karo, wachuuzi wa sokoni na walimu wa shule binafsi wakati wa likizo. Wengi wao hupata kazi hiyo kwenye majengo yanayojengwa, na wengi huianza bila ya mtu yeyote kuwaeleza madhara yake. Mtu anapoumia, huondoka kimya kimya, na siku ya pili nafasi yake huchukuliwa na mwingine.

Kitu kimoja kinaunganisha hatari karibu zote za kazi hiyo, nacho ni saruji. Ikiwa ndani ya mfuko, saruji huumiza mgongo. Ikichanganywa na maji, huchoma mikono. Ikishakauka kisha ikatwe, ichongwe au ifagiliwe, vumbi lake huingia mapafuni. Makala haya yanaufuata mfuko huo tangu unaposhushwa kwenye lori hadi siku ya kuosha vigae vya nyumba iliyokamilika.

Mgongo: umbali una uzito kuliko mfuko

Mfuko wa kawaida wa saruji katika Afrika Mashariki una kilo 50. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo unaobebwa kwa mikono na mwanamume mtu mzima. Kwa kipimo hicho mfuko wa saruji unapita. Lakini kikomo hicho si kipimo cha usalama wa mgongo. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini huanza hesabu zake na kilo 23, tena kwa mzigo ulio karibu na mwili, usawa wa kiuno, wenye mahali pazuri pa kushika, na usioinuliwa mara nyingi. Kila sharti linapokosekana, uzito unaofaa hupungua. Kwa sababu hiyo, katika nchi kama Uingereza saruji huuzwa zaidi katika mifuko ya kilo 25.

Kibarua hana uwezo wa kubadilisha uzito wa mfuko. Anachoweza kubadilisha ni umbali kati ya mfuko na mgongo wake, na hapo ndipo penye nafuu kubwa. Misuli inayonyoosha mgongo iko karibu mno na uti wa mgongo, kiasi cha sentimita 5 tu nyuma ya kiungo kinachopinda. Mtu anapoinama na kuushika mfuko ukiwa sentimita 40 mbele ya kiungo hicho, misuli hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu mara 8 ya uzito wa mfuko, yaani sawa na kilo 400, bila ya kuhesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe. Mfuko uleule ukivutwa hadi ugusane na tumbo, umbali huo hushuka na kuwa kiasi cha sentimita 25, na nguvu inayohitajika hushuka hadi kilo 250. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inaonyesha kwa nini mtu anaweza kubeba mifuko 20 begani bila ya tatizo, kisha akaumia kwa kuokota mmoja sakafuni huku akinyoosha mikono.

Tuchukue mfano wa kazi moja. Lori limeleta mifuko 100, na vibarua wanne wameajiriwa kuishusha na kuipanga ghalani, mita 30 kutoka barabarani. Kila mmoja atabeba mifuko 25, ambayo ni kilo 1,250 kwa asubuhi moja. Mmoja husimama juu ya lori na kuisogeza mifuko hadi ukingoni. Hapo mfuko uko usawa wa kifua cha aliye chini, naye huupokea begani bila ya kuinama, na uzito hukaa juu ya uti wa mgongo badala ya mbele yake. Sehemu hiyo ya kazi ni nzito, ila haina hatari kubwa mgongo ukiwa wima.

Hatari iko mahali pawili. Kwanza ni kwa yule wa juu ya lori, ambaye huinama na kujipinda kwa kila mfuko. Kujipinda kiuno huku mzigo ukiwa mikononi ni kibaya kuliko kuinama peke yake, kwa hiyo miguu ndiyo inayopaswa kugeuka, si kiuno. Nafasi hiyo isiachiwe mtu mmoja hadi mwisho. Wabadilishane kila baada ya mifuko 25. Pili ni wakati wa kutua mfuko. Safu za chini kabisa ndizo zinazomlazimisha mtu kuinama na mzigo mzima, hivyo mifuko hiyo itiwe na watu wawili, mmoja kila upande, wakikunja magoti.

Upangaji wenyewe huamua kazi ya kesho. Mifuko ikirundikwa kumi kwenda juu, ule wa nne hadi wa saba huwa kati ya goti na kiuno, mahali panapofaa kuinulia. Ikitandazwa ovyo sakafuni, kila mmoja utainuliwa kutoka chini. Mwenye jengo naye ana faida katika jambo hili: saruji iliyowekwa moja kwa moja juu ya sakafu hunyonya unyevu na kuganda, na ndiyo maana mafundi hushauri itandikiwe mbao. Kibarua anayeomba mbao, basi, anaomba jambo ambalo mwenye mali hawezi kulikataa kwa urahisi.

Wakati wa kuchanganya, mfuko hauna lazima ya kubebwa mzima. Unaweza kufunguliwa palepale ghalani na kugawanywa katika ndoo mbili zisizojazwa hadi juu, kila moja kilo 25. Ndoo mbili, moja kila mkono, huwa karibu na mwili na hulinganisha pande zote. Penye njia tambarare, toroli huondoa kazi hiyo karibu yote.

Yapo mambo mawili ambayo vibarua wengi huyaamini. La kwanza ni kwamba mkanda mpana au kitambaa kilichokazwa kiunoni hulinda mgongo. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mikanda hiyo huzuia maumivu kwa mtu asiyeumia, na inaweza kumtia mtu moyo wa kubeba kupita kiasi. La pili ni kwamba mtu huwa na nguvu zaidi anapotoka tu kitandani. Kumbe wakati wa usingizi gegedu zilizo kati ya pingili za mgongo hufyonza maji na kuvimba kidogo, na katika saa ya kwanza baada ya kuamka mgongo huhimili kuinama vibaya zaidi kuliko baadaye. Anayetembea kwa miguu hadi kazini na kuanza na kazi nyepesi anafanya vyema.

Maumivu ya kawaida ya mgongo, yale yanayobaki kiunoni, kwa wengi hupungua katika wiki chache. Kulala kitandani siku nzima huyarefusha. Kutembea na kufanya kazi nyepesi huyapunguza. Lakini zipo dalili zisizosubiri. Ganzi inayozunguka sehemu za siri na makalio, kushindwa kukojoa au kuzuia mkojo na haja kubwa, au miguu yote miwili kuishiwa nguvu, ni dalili za mishipa ya fahamu kubanwa. Mwenye dalili hizo afikishwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa kuchelewa kunaweza kumwacha na ulemavu wa kudumu. Maumivu yanayoshuka hadi chini ya goti, au mguu unaoburuta kidole gumba, nayo yanahitaji daktari ndani ya siku chache.

Mikono: kuungua kusikouma mapema

Saruji kavu ikishikwa na mkono mkavu haina ukali mkubwa. Ikipata maji, yakiwemo maji ya jasho, hugeuka kuwa kitu kikali chenye pH kati ya 12 na 13. Ngozi ya binadamu kwa kawaida iko karibu na 5.5. Asidi na saruji mbichi ziko pande mbili zinazopingana, lakini zote mbili hula ngozi.

Ubaya wa saruji ni kwamba haitoi onyo. Maji ya moto huuma papo hapo, na mtu huutoa mkono. Saruji mbichi hufanya kazi polepole, na maumivu mara nyingi huanza baada ya saa kadhaa, ngozi ikiwa imekwisha kuharibika. Watu wanaoungua vibaya zaidi ni wale wanaopiga magoti juu ya zege wakisawazisha sakafu, na wale ambao zege limeingia ndani ya mabuti yao, nao wakaendelea na kazi hadi jioni. Wanapovua, hukuta ngozi imekuwa nyekundu, ina malengelenge, au imegeuka nyeusi na kukakamaa. Kuungua kwa namna hiyo kunaweza kuhitaji upasuaji wa kupandikiza ngozi.

Kinga ya kwanza ni glavu, ila si kila glavu. Za kitambaa na za ngozi hunyonya maji ya saruji na kuyashikilia mkononi, hivyo zinaweza kuwa mbaya kuliko kukosa glavu. Zinazofaa ni za mpira zisizopitisha maji, zenye shingo ndefu inayopita kifundo cha mkono. Mikono huoshwa na kukaushwa kabla ya kuzivaa, kwa maana glavu safi juu ya mkono wenye saruji hufungia saruji humo ndani. Suruali ivaliwe juu ya mabuti, si ndani yake, ili zege linaloruka lisipate njia ya kuingia. Anayepiga magoti atumie ubao au kipande cha mpira mzito chini ya magoti, na nguo ikilowa zege ivuliwe mara moja.

Kosa linaloonekana kwenye majengo mengi ni kunawa katika ndoo inayotumika kuoshea karai na sepetu. Maji hayo yamekwisha kuwa makali kama saruji yenyewe. Pawepo ndoo au dumu la pekee la maji safi, na mikono ioshwe kwa maji yanayomiminika na sabuni kabla ya kula, kabla ya kwenda msalani na mwisho wa kazi. Mafuta ya taa na petroli visitumike kunawia, kwa kuwa huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuifanya ipasuke. Jioni, baada ya kunawa, mafuta mazito kama vaselini husaidia ngozi kujirudishia hali yake, lakini kujipaka kabla ya kazi hakuchukui nafasi ya glavu.

Saruji mbichi ikikaa juu ya ngozi na kuanza kuchoma, unga mkavu upanguswe kwanza, kisha sehemu hiyo imwagiwe maji safi mengi kwa muda wa dakika 20 angalau. Ikiingia jichoni, jicho lifunguliwe na kumwagiwa maji kwa muda huohuo, kisha mtu apelekwe hospitali hata kama anasema ameona nafuu. Muda usipotezwe kutafuta siki, maziwa au dawa nyingine. Maji ndiyo dawa ya kwanza.

Kwa wanaoshika saruji mara kwa mara, lipo tatizo jingine linalokuja taratibu, nalo ni ukurutu. Aina moja hutokana na ukali wa saruji na mchanga: mikono hukauka, hupasuka na kuwasha, na hupata nafuu mtu anapopumzika siku kadhaa. Aina ya pili ni mzio unaosababishwa na kromiamu iliyomo ndani ya saruji. Huo hurudi haraka hata kwa kugusa kidogo, na unaweza kuenea hadi mahali ambapo saruji haikufika. Mwili ukishajifunza kuikataa kromiamu, kwa kawaida hausahau. Ndiyo sababu nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2005, zimeweka kikomo cha kromiamu ya aina hiyo katika saruji. Mtu ambaye ukurutu wake humrudia kila anaporejea kwenye saruji anapaswa kumweleza daktari kazi anayoifanya, na afikirie kazi nyingine mapema.

Mapafu: vumbi lisiloonekana

Wingu jeupe linaloinuka mfuko unapopasuliwa hukereketa pua na koo, na wengi hudhani hilo ndilo vumbi baya zaidi. Kubwa zaidi ya hilo ni vumbi la silika, ambayo hupatikana kwa wingi katika mchanga, kokoto na mawe. Silika hutoka pale zege, tofali la saruji au kigae kinapokatwa kwa mashine, kinapochongwa kwa tindo, au sakafu inapofagiliwa kavu. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni ndogo kiasi kwamba jicho halizioni, na hubaki hewani muda mrefu baada ya wingu kutulia.

Chembe hizo zikifika huko hazitoki. Mwili hujaribu kuzizunguka, na hapo hujengeka makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi kujitokeza, ila kwa anayevuta vumbi jingi unaweza kuja katika miaka michache. Hauna tiba ya kuyaondoa makovu. Zaidi ya hayo, mapafu yaliyojaa silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi, jambo zito katika eneo ambalo kifua kikuu bado kipo.

Kinga iliyo bora kuliko zote ni maji, nayo hupatikana kila jengo. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa. Tofali au kigae kilowekwe, na mashine ya kukatia imwagiwe maji wakati inakata, iwapo imetengenezwa kwa kazi hiyo. Mashine ya umeme isiyo ya maji inaweza kumwua mtumiaji kwa umeme. Mfuko wa saruji ufunguliwe ukiwa chini, karibu na rundo la mchanga, na umiminwe polepole badala ya kukung'utwa kutoka juu. Mtu asimame upande unaotoka upepo.

Barakoa huja baada ya maji, si badala yake. Leso, skafu na barakoa nyepesi za hospitali hazizuii chembe ndogo, kwa sababu hewa hupita pembeni. Inayofaa ni yenye alama N95 au FFP2, iliyokaa barabara usoni. Ili kuipima, mtu huifunika kwa viganja na kupuliza kwa nguvu. Akihisi hewa ikimpiga machoni au mashavuni, inavuja. Ndevu huifanya ivuje. Ikilowa, ikichanika au ikifanya pumzi kuwa nzito, itupwe. Nguo za kazi nazo zisikung'utwe ndani ya nyumba, wala zisifuliwe pamoja na nguo za watoto.

Siku ya mwisho ya jengo, pale vigae vinapooshwa ili kuondoa mabaki ya saruji, hatari hubadilika sura. Kazi hiyo hufanywa kwa asidi kali, mara nyingi asidi hidrokloriki, tena katika vyumba vidogo kama bafu na choo. Asidi humiminwa ndani ya maji. Maji hayamiminwi ndani ya asidi, maana mchanganyiko huweza kuchemka na kumrukia mtu usoni. Milango na madirisha yawe wazi, na glavu na miwani ya kinga vivaliwe.

Kosa linaloua ni kuongeza jiki ili vigae ving'ae zaidi. Jiki na asidi zikikutana hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini, palepale alipochutama anayesugua. Harufu kali inayochoma pua, macho yanayotoa machozi na kikohozi cha ghafla ndizo dalili. Hapo mtu atoke nje mara moja, aache ndoo ilipo, wala asirudi ndani kusuuza. Anayebanwa na kifua apelekwe hospitali hata kama amepata nafuu, kwa kuwa mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Kama vitu vyote viwili vinahitajika, cha kwanza kisuuzwe kwa maji mengi kabisa, na cha pili kitumike siku nyingine.

Haki ya kibarua na maneno ya kumwambia daktari

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Utekelezaji wake uko chini ya wizara inayoshughulikia kazi. Ni kweli kwamba kibarua wa siku moja hana nguvu kubwa ya kudai, na anayelipwa kwa kila mfuko huona kila dakika ya kunawa kuwa ni pesa inayopotea. Hata hivyo, vibarua wanne wanaoomba kwa pamoja dumu la maji safi, glavu za mpira na mbao za kutandikia mifuko wana nafasi nzuri kuliko mmoja, hasa wakiomba kabla ya lori kuanza kushushwa, wakati kazi bado inawangojea.

Aliyeumia amjulishe msimamizi siku hiyohiyo mbele ya shahidi, na aandike tarehe na mahali. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende kupimwa kifua kikuu, huduma inayotolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali. Wagonjwa wengi wakiulizwa kazi yao hutaja ile wanayojulikana nayo: dereva wa bodaboda, mchuuzi, mwanafunzi. Daktari naye huandika hivyo. Anayefanya lejaleja na aitaje pia, aseme amekata zege kwa muda gani, au ameshika saruji kwa miaka mingapi. Bila ya maelezo hayo, hata daktari hodari anaweza kutafuta chanzo cha ugonjwa mahali pengine.